Shajara ya mradi: jedwali la kugawa saa za kusomea mitihani ya muhula, Malindi

Mradi wenyewe ni lahajedwali moja, linalofunguka hata kwenye simu. Kazi yake ni kujibu swali ambalo kila muhula huja likiwa limechelewa: zimebaki wiki nne, yuniti ni tano, kila yuniti ina mada sita au saba, je, kila mada ipewe saa ngapi? Linaingizwa vitu vitatu, yaani uzito wa krediti, ugumu wa yuniti, na kiasi ambacho mwanafunzi anakijua leo. Linatoa saa. Tumelijaribu kwa ratiba ya mwanafunzi mmoja wa biashara, mwaka wa pili, anayekaa Barani. Hesabu zote zilizomo humu ni zake, na ameridhia zitumike.

Wiki ya 1, Jumatatu: saa zilizopo kweli

Kabla ya kugawa lazima ujue unachogawa. Mwanafunzi aliandika kwamba anaweza kusoma saa 6 kwa siku, yaani 42 kwa wiki. Hatukuitumia namba hiyo. Tulimwomba aorodheshe wiki iliyopita jinsi ilivyokwenda, siku kwa siku, na hapo ndipo saa zilipoanza kuyeyuka.

Kati ya magharibi na isha kuna kama saa moja ya saa ya ukutani, lakini ukitoa sala, chakula na kwenda na kurudi, haibaki kitu cha kuandika. Mchana wa saa nane hadi saa kumi, chini ya mabati, msimu huu wa kaskazi unapoanza, mtu hukaa na kitabu lakini hasomi. Jumamosi asubuhi yuko dukani sokoni. Kilichobaki ni nusu saa baada ya alfajiri na saa mbili na nusu za usiku, kuanzia saa mbili hadi saa nne u nusu, Jumatatu hadi Alhamisi. Hizo ni saa 3 kwa siku nne, jumla 12. Ijumaa 2, Jumamosi 4, Jumapili 4. Wiki nzima ni 22, na wiki nne ni 88.

Kutoka 88 tumetenga akiba ya 20%, yaani karibu 18, kwa ajili ya umeme kukatika, homa, na wageni. Za kugawa ni 70. Akiba haipangiwi mada yoyote. Ukishaipangia mada si akiba tena.

Wiki ya 1, Jumatatu usiku: fomula ya kwanza, na kwa nini imetupwa

Tulianza na ile ambayo wanafunzi wengi hupeana: krediti mara ugumu mara pengo la uhakika. Ugumu hupewa 1 hadi 5. Uhakika pia 1 hadi 5, na pengo ni 6 kutoa uhakika. Mwanafunzi alijaza hivi:

Takwimu za biashara ina krediti 4, ugumu 4, uhakika 2, ikatoa 64. Uhasibu wa gharama krediti 3, ugumu 4, uhakika 3, ikatoa 36. Sheria ya biashara krediti 3, ugumu 2, uhakika 4, ikatoa 12. Uchumi krediti 3, ugumu 3, uhakika 3, ikatoa 27. Mawasiliano krediti 2, ugumu 1, uhakika 5, ikatoa 2. Jumla 141.

Ukigawa saa 70 kwa uwiano huo, Takwimu inachukua karibu saa 32 na Mawasiliano inapata saa 1. Krediti zao ni 4 kwa 2, maana yake kwenye wastani wa muhula moja ina uzito mara mbili ya nyingine. Saa zimetoka 32 kwa 1. Hapo fomula imekwishajisema.

Kasoro ni mbili. Ya kwanza ni ya kuzidisha: vipimo viwili vya 1 hadi 5 vikizidishwa, ncha ya juu ni mara 25 ya ncha ya chini, na krediti, ambayo ndiyo namba pekee iliyotoka chuoni na si kichwani mwa mtu, inamezwa. Ya pili imejificha zaidi. Mwanafunzi anaposema yuniti ni ngumu, mara nyingi anamaanisha kwamba haijui. Anaposema hana uhakika nayo, anamaanisha vivyo hivyo. Jambo moja limehesabiwa mara mbili kwa majina mawili. Dalili yake inaonekana kwenye jedwali kabla hata ya kugawa: safu ya ugumu na safu ya uhakika zinakwenda pamoja, moja ikipanda nyingine inashuka, karibu bila kukosea.

Wiki ya 1, Jumanne: kutenganisha ugumu na uhakika

Ugumu tumeufafanua upya usitegemee mwanafunzi anajua nini. Swali ni moja: kutoka kutojua hadi kuweza kujibu, njia ni ndefu kiasi gani? Yuniti ambayo swali lake linatatuliwa kwa hatua zinazofuatana, ambapo kosa la hatua ya pili linaharibu ya tano, imepewa 1.3. Yuniti ya kuelewa, kukumbuka na kueleza imepewa 1.0. Yuniti ambayo sehemu kubwa ya jibu ni ujuzi wa kila siku imepewa 0.8. Ngazi tatu tu. Tulijaribu tano na watu wawili waliojaza jedwali moja hawakukubaliana hata mara moja kati ya ya pili na ya tatu.

Uhakika tumeuondoa kabisa kama hisia. Mahali pake pamewekwa jaribio la maswali 10 mafupi, kitabu kimefungwa, dakika 20, yakiokotwa kutoka mitihani iliyopita ya yuniti hiyo. Alama ya jaribio ndiyo inayoingia kwenye jedwali. Pengo linahesabiwa hivi: kila swali lililokosewa ni 0.12, juu ya msingi wa 0.4. Aliyepata 10 bado anapewa 0.4, kwa sababu kinachojulikana leo kisipoguswa kwa wiki nne hakitakuwepo siku ya mtihani. Aliyepata 0 anapewa 1.6. Kwa hiyo ncha mbili zimeachana mara 4 tu, na krediti imerudi kuwa na sauti.

Kwenye jedwali, safu B ni krediti, C ni ugumu, D ni alama ya jaribio. E inatoa pointi, F inatoa saa zilizokadiriwa hadi nusu saa, na jumla ya saa za kugawa imekaa kwenye H1:

```
E2:  =B2*C2*(0.4+0.12*(10-D2))
F2:  =ROUND(2*$H$1*E2/SUM(E$2:E$6),0)/2
```

Alama za `$` zisisahauliwe. Bila hizo, ukivuta fomula kwenda chini, H1 inageuka H2 iliyo tupu na saa zote za chini ya mstari wa kwanza zinasoma 0.

Wiki ya 1, Jumatano: matokeo ya majaribio

Takwimu 4, Uhasibu 5, Sheria 3, Uchumi 6, Mawasiliano 7.

Tazama Sheria. Kwenye fomula ya kwanza ilikuwa na uhakika 4 kati ya 5. "Sheria naijua, bwana, nimeisoma mara mbili nzima," ndivyo alivyosema kabla ya kukaa. Karatasi yake inaonyesha kilichotokea. Swali la 3 liliuliza kesi ya Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball, ya 1893, iliamua nini. Aliandika "tangazo la dawa ya mafua" na kuishia hapo. Jina analitambua, kisa anakijua, lakini uamuzi, kwamba tangazo linaweza kuwa pendekezo la mkataba kwa yeyote atakayetimiza masharti yake, haumo. Swali la 4 liliuliza kama kunyamaza ni kukubali, na jibu lilikuwa ndiyo. Felthouse dhidi ya Bindley, ya 1862, imekaa kwenye daftari lake, imepigiwa mstari kwa kalamu ya kijani.

Huku ndiko kusoma kwa kurudia kunakodanganya. Macho yakipita juu ya ukurasa mara ya pili, kila kitu kinaonekana kimezoeleka, na kuzoea kunajifanya kujua. Yuniti za maelezo ndizo zinazoumiza zaidi kwa njia hii. Kwenye Takwimu hesabu ikikataa inakataa, huwezi kujidanganya muda mrefu.

Pointi mpya zikatoka hivi: Takwimu 5.82, Uhasibu 3.90, Sheria 3.72, Uchumi 2.64, Mawasiliano 1.22. Jumla 17.3. Kila pointi moja ina thamani ya saa 4 na dakika chache. Saa: Takwimu 23.5, Uhasibu 16, Sheria 15, Uchumi 10.5, Mawasiliano 5. Zinatimia 70.

Sheria imetoka saa 6 hadi 15. Hizo saa 9 hazikuletwa na fomula nzuri zaidi, zimeletwa na dakika 20 za jaribio. Kama mtu hana muda wa kutengeneza jedwali zima, basi afanye jaribio na agawe kwa kukadiria, atakuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mwenye fomula nadhifu na uhakika wa kujijazia.

Wiki ya 1, Jumatano, nyongeza: alama za majaribio ya muhula

Mtihani wa mwisho una alama 70, na 30 zimeshapatikana au zimeshapotea darasani. Kupita ni 40. Kwenye Takwimu ana 19, anahitaji 21 kati ya 70. Kwenye Uhasibu ana 11, anahitaji 29, yaani 41%, na jaribio lake la Uhasibu lilikuwa 50%. Nafasi ya kuteleza ni ndogo.

Hili hatukuliingiza kwenye fomula. Tumeweka ulinzi tu: yuniti ambayo pengo kati ya alama ya jaribio na alama inayohitajika halifiki pointi 10 haishuki chini ya fungu lake la krediti. Fungu la Uhasibu ni 3 kati ya 15, yaani saa 14 kati ya 70. Ina 16, imepita. Lakini kila tutakapokokotoa upya lazima iangaliwe, maana sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, inakula saa za muhula unaofuata.

Wiki ya 1, Alhamisi: kuingia ndani ya Takwimu

Saa 23.5 za Takwimu bado si ratiba. Krediti ni ya yuniti nzima, na chuo hakisemi kila mada ina krediti ngapi. Uzito wa mada unabidi utafutwe kwenye mitihani iliyopita.

Tulichukua mitihani mitano. Muundo ni ule ule: swali la kwanza ni la lazima, alama 30, kisha maswali manne ya alama 20 kila moja, mtahiniwa anachagua mawili. Kila alama tukaiandika chini ya mada yake. Karatasi moja inatoa alama 110 za kuulizwa, kwa hiyo mitano ina 550. Nadharia tete ilikuwa juu kabisa kwa alama 120, uwezekano ilikuwa ya nne kwa 90.

Hesabu hiyo ni sahihi lakini inapotosha, na ilituchukua nusu siku kuona kwa nini. Alama 110 zinaulizwa, 70 tu ndizo zinazojibiwa. Alama iliyo kwenye swali la kwanza haiepukiki. Alama iliyo kwenye swali la kuchagua ina nafasi mbili kati ya nne ya kuhusika. Kwa hiyo alama ya lazima ihesabiwe 1, na ya hiari 0.5. Ukifanya hivyo karatasi moja inatoa 30 na 40, jumla 70, kama inavyopaswa. Jumla hiyo ndiyo kipimo chako: ikitoka namba nyingine, umekosea kuorodhesha.

Kwa mizani hiyo, mitihani mitano ina alama 350. Uwezekano ulikuwa na 50 za lazima na 40 za hiari, unapata 70. Mtawanyo (wa matokeo mawili na wa kawaida) 35 na 80, unapata 75. Upimaji wa nadharia tete 20 na 100, unapata 70. Uhusiano wa vigezo viwili na mstari wa makadirio 25 na 80, unapata 65. Fahirisi za bei 10 na 40, zinapata 30. Mfululizo wa wakati 10 na 60, unapata 40. Uwezekano, uliokuwa wa nne, sasa uko sawa na nadharia tete, kwa kuwa mtahini hupenda kuufungulia swali la kwanza.

Kisha jaribio la maswali 10 kwa kila mada, na fomula ile ile ya pengo, ila ugumu tumeuacha, maana ndani ya yuniti hii mada zote ni za hatua kwa hatua. Alama: uwezekano 5, mtawanyo 4, nadharia tete 1, uhusiano 6, fahirisi 8, mfululizo wa wakati 3. Saa zilizotoka: uwezekano 4.5, mtawanyo 5, nadharia tete 6.5, uhusiano 3.5, fahirisi 1, mfululizo 3. Jumla 23.5.

Wiki ya 1, Ijumaa: ipi iachwe

Mtihani wa kuchagua unaruhusu kuacha mada, na mwanafunzi alitaka kuacha fahirisi kwa sababu ndiyo ndogo. Hapana. Fahirisi anaijua 8 kati ya 10, na saa 1 inaitunza. Akiiacha anaokoa saa moja na kupoteza swali ambalo angeweza kulijibu usingizini.

Ya kupunguzwa ni mfululizo wa wakati. Inadai saa 3 kuanzia alama 3, na kwenye karatasi tano imetoa maswali matatu tu ya hiari kati ya ishirini. Ikiachwa bado yanabaki maswali matatu au manne ya kuchaguliwa kwenye kila karatasi. Hasara ni zile alama za lazima, 10 kwa karatasi tano, yaani 2 kwa kila mtihani. Tumeibakishia saa 1 kwa wastani wa kusogea, ambao ndio unaopenda kuingia kwenye swali la kwanza. Saa 2 zimewekwa kando, ndani ya Takwimu.

Mpaka wa hila hii uwekwe wazi. Usiache mada mbili za hiari pamoja. Ikitokea karatasi moja ikazileta zote mbili, unabaki na maswali mawili na wajibu wa kujibu mawili, na la pili likiwa baya huna pa kukimbilia. Wala usiiache mada ambayo nyingine inasimama juu yake.

Hilo la mwisho linahusu mpangilio pia. Fomula inasema nadharia tete ndiyo yenye saa nyingi, na mtu atashawishika kuanza nayo. Lakini upimaji wa nadharia tete bila jedwali la mtawanyo wa kawaida ni kujenga ghorofa bila msingi wa chini. Alama 1 aliyopata huenda isiwe ya nadharia tete hata kidogo, ni ya mtawanyo. Kwa hiyo: uwezekano, mtawanyo, kisha nadharia tete, na hiyo ya mwisho ipimwe tena kabla ya kuguswa.

Wiki ya 2, Jumatatu: makadirio na yaliyotokea

Saa zilizotumika wiki ya kwanza ni 16: Takwimu 8, Uhasibu 4, Sheria 4. Ndani ya Takwimu, uwezekano ulichukua 1 na mtawanyo 7. Mtawanyo ulikadiriwa 5, kwa hiyo umezidi mara 1.4. Zile saa 2 za mfululizo wa wakati zimeishia huku.

Tulifuatilia zilikokwenda. Saa moja na nusu hivi zilipotea kwenye jambo moja. Kitabu anachosomea kina jedwali la mtawanyo wa kawaida linaloanzia katikati: kwa z ya 1.96 linasoma 0.475. Jedwali linaloambatishwa kwenye karatasi ya mtihani linaanzia mkia wa kushoto: kwa z hiyo hiyo linasoma 0.975. Alikuwa akiongeza 0.5 kwa mazoea na kupata uwezekano wa 1.475, anafuta, anaanza upya, akidhani kosa liko kwenye mkengeuko. Uwezekano ukizidi 1, tatizo si hesabu, ni jedwali. Tangu siku hiyo anasomea kwa jedwali la mtihani peke yake.

Je, mara 1.4 izidishwe kwenye makadirio yote yaliyobaki? Hapana, kwenye mada za hatua kwa hatua tu, na hata huko kwa tahadhari, kwa kuwa kosa la jedwali halitarudi. Lakini watu kukadiria chini ni jambo lililopimwa zamani. Kwenye utafiti wa Buehler, Griffin na Ross wa 1994, wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu walitabiri kwa wastani siku 33.9, wakachukua 55.5. Hiyo ni zaidi ya mara 1.6, na akiba yetu ya 20% haifikii huko. Tofauti ni kwamba tasnifu inaweza kuchelewa. Mtihani hauchelewi. Makadirio ya chini hapa hayaonekani kama kuchelewa, yanaonekana kama mada ya mwisho kwenye orodha ambayo haikufunguliwa. Ndiyo maana Uchumi na Mawasiliano, ambazo hazijaguswa, zimepangiwa saa mbili mbili wiki hii hata kama jedwali halidai haraka.

Wiki ya 2, Jumatatu usiku: kupima upya, na lini

Hapa tulikosea mara moja na tukarekebisha. Jaribio la pili la Sheria lilifanywa dakika kumi baada ya kufunga kitabu, likatoa 9. Tukaliingiza, na jedwali likaipunguzia Sheria saa karibu zote. Siku mbili baadaye, maswali mengine ya kiwango kile kile: 6. Alama ya papo hapo inapima kilichobaki mdomoni, si kilichomezwa. Kanuni sasa ni kwamba jaribio la kupima upya lifanywe siku mbili baada ya kusoma, au zaidi, na kwa maswali tofauti.

Alama mpya: Takwimu 5, Uhasibu 6, Sheria 6. Uchumi na Mawasiliano zimebaki 6 na 7. H1 sasa ni 54. Jedwali limetoa Takwimu 18.5, Uhasibu 12.5, Sheria 9.5, Uchumi 9.5, Mawasiliano 4.5, na ukijumlisha ni 54.5. Nusu saa imezidi kwa sababu ya kukadiria hadi nusu. Inatolewa kwa yuniti iliyopandishwa zaidi kuliko haki yake, na hiyo ni Uhasibu, ambayo hesabu yake halisi ilikuwa 12.25. Inakuwa 12. Fungu lake la krediti kati ya 54 ni 10.8, ulinzi umeheshimiwa.

Kabla ya kukokotoa, zilizobaki zilikuwa Takwimu 15.5, Uhasibu 12, Sheria 11, Uchumi 10.5, Mawasiliano 5. Kwa hiyo Takwimu imeongezwa 3, na zimechangwa na Sheria, Uchumi na Mawasiliano.

Na hapa kuna hatari ambayo jedwali lenyewe haliioni. Yuniti inayokula saa bila kupanda alama itaendelea kudai saa, wiki hadi wiki, kama mtumbwi unaovuja unavyodai kukumbwa maji. Takwimu imetumia saa 8 ikapanda pointi 1. Sheria imetumia 4 ikapanda 3. Tumeweka kikomo: yuniti moja isizidi 35% ya saa zilizobaki. Takwimu iko 34%, imeponea kwenye ukingo. Na kwa mada: ikitumia saa mara mbili ya makadirio bila kupanda hata pointi 2, haiongezwi saa. Anatafutwa mtu wa kuieleza, kwa kuwa kilichokwama si muda.

Wiki ya 2, Alhamisi: nadharia tete yapimwa tena

Kabla ya kuigusa, baada ya mtawanyo kukaa sawa, jaribio jipya la maswali 10 limetoa 4. Ilikuwa 1. Pointi tatu zimekuja bila saa hata moja ya nadharia tete. Pengo lake limeshuka kutoka 1.48 hadi 1.12, na makadirio yake kwa kiwango cha mwanzo yanashuka kutoka saa 6.5 hadi 5.

Sita alizokosa zimepangwa mezani. Nne ni za aina moja: hesabu ya z ni sahihi, jedwali limesomwa sawasawa, lakini ametumia 1.96 pale swali liliposema "imeongezeka", ambapo ni upande mmoja na kwa kiwango cha 5% inatakiwa 1.645. Mbili ni hitimisho lililoandikwa kinyume. Saa mbili za kwanza za Ijumaa na Jumamosi zitakwenda kwenye kusoma maswali tu bila kuyakokotoa: maswali kumi na mawili kutoka mitihani mitano, kila moja liandikwe upande mmoja au pande mbili, na neno gani kwenye swali limesema hivyo.

Kilichobaki kufanywa kwenye jedwali: safu ya tarehe ya mtihani wa kila yuniti. Mawasiliano ndiyo ya mwisho kwenye ratiba, siku nne baada ya Takwimu, kwa hiyo saa zake 4.5 zinaweza kusogezwa ndani ya siku hizo nne na wiki hii ikapumua. Fomula ya sasa haijui hilo, inagawa kana kwamba mitihani yote ni asubuhi moja.